Mshuko wa bomba la maji taka: namna ya kuukokotoa na kuuweka ardhini, kwa mfano wa nyumba moja ya Malindi

Katika mitaa mingi ya Malindi, maji ya chooni na bafuni hupita katika bomba la inchi 4 chini ya ua hadi kwenye tangi la septiki, na kutoka hapo huingia katika shimo au mtaro wa kunyonya. Hakuna pampu katika safari hiyo. Maji huenda kwa sababu mwisho wa bomba uko chini kuliko mwanzo wake, na tofauti hiyo ya kimo ndiyo ninayoiita mshuko katika mwongozo huu. Mteremko ni jambo la pili: ni ule mshuko ukilinganishwa na urefu wa njia, na mafundi huutaja kwa asilimia. Mwenye nyumba akiambiwa "weka asilimia mbili," anachohitaji kujua ni sentimita ngapi bomba lishuke kutoka ukuta wa bafu hadi mdomo wa tangi, na je, sentimita hizo anazo?

Hesabu yenyewe ni fupi:

mshuko = urefu wa njia × asilimia ÷ 100

Kwa kuwa mita moja ina sentimita mia, kila asilimia moja ni sentimita moja ya mshuko kwa kila mita ya njia. Asilimia mbili kwa mita 10 ni sentimita 20, na asilimia moja na nusu kwa mita 10 ni sentimita 15. Wanaopima kwa futi watumie hesabu hiyo hiyo, ila jibu litatoka kwa futi: futi 60 kwa asilimia mbili ni futi 1.2, ambazo ni inchi 14 na kidogo. Ukianza kwa mita, maliza kwa mita. Vilevile asilimia si digrii. Pembe ya digrii mbili ni mteremko wa karibu asilimia tatu na nusu, kwa hiyo anayetumia kipimo cha pembe cha simu ahakikishe kimewekwa kwenye asilimia kabla ya kukiamini.

Kwa bomba la inchi 4 linalobeba kinyesi, ninatumia asilimia mbili kila panapowezekana. Asilimia moja huweza kutosha pale bomba linapolazwa kwa uangalifu mkubwa, maana bomba laini la plastiki lililojaa nusu hupitisha maji kwa karibu mita 0.8 kwa sekunde katika mteremko huo, na takriban mita 0.7 kwa sekunde hutosha kusukuma uchafu. Lakini bomba la nyumba ya kawaida halijai nusu ila kwa nadra, na maji yakiwa machache hupungua kasi. Kwetu pwani kuna sababu nyingine: watu hurudi kutoka ufuoni na kuoshea miguu bafuni, na mchanga wa bahari ni mzito kuliko kinyesi na karatasi. Mchanga ndio wa kwanza kutua chini pale maji yanapolegea, na ukishatua, vingine hushikana nao. Hiyo asilimia ya pili ninaiona kuwa bima ya mchanga.

Kwa nini usiongeze tu mteremko

Wengi wakisikia hayo husema: basi tuweke asilimia nne au tano, maji yakimbie. Hoja inayotolewa mara nyingi dhidi yao ni kwamba maji yatakimbia na kuacha uchafu nyuma. Mimi siipi hoja hiyo uzito mkubwa, kwa sababu mabomba ya maghorofani husimama wima kabisa na bado uchafu hushuka. Sababu yangu ni kina. Kila asilimia unayoongeza inalizamisha tangi, na Malindi, hasa kwa nyumba zilizo karibu na bahari, ukichimba hukawii kukutana na maji. Isitoshe, ukiuzidisha mteremko mara mbili, kasi ya maji haizidi mara mbili, bali huongezeka kwa kiasi cha mara 1.4 tu. Unalipa kina kizima kwa faida isiyofika nusu.

Ndiyo maana hesabu ya mshuko haina budi kufanywa kabla jembe halijaingia ardhini, na ifanywe pamoja na swali la maji ya chini. Chimba shimo dogo la majaribio pale utakapoweka sehemu ya kunyonya, ulifunike vizuri mtu asitumbukie, kisha upime kina cha maji siku za bamvua, bahari inapojaa sana. Ukipima wakati wa maji mafu utajidanganya, kwa kuwa mahali palipo karibu na ufuo maji ya ardhini hupanda na kushuka kwa kufuata bahari. Msimu wa masika nao huyapandisha zaidi, kwa hiyo aliyepima wakati wa kiangazi aache nafasi ya ziada.

Hatua ya kwanza: pima njia halisi

Mfano wetu ni nyumba ya upande wa Muyeye, yenye ua wa mchanga unaoonekana kuwa tambarare. Bomba linatoka kwenye ukuta wa choo, linakwenda hadi manholi ya kwanza kwenye kona ya nyumba, linapinda hadi manholi ya pili, kisha linapinda tena kuelekea tangi. Tepu lazima ifuate njia hiyo hiyo. Nimewahi kuona mtu akipima moja kwa moja kutoka chooni hadi tangini kwa kukata ua katikati, akapata mita 16, ilhali bomba lake lilikuwa la zaidi ya mita 21, na kila mita aliyoisahau ilimpunguzia sentimita mbili.

Tepu ishikwe ikiwa imenyooka kwa ulalo, wala isilale juu ya vichuguu vya ardhi, na kwenye manholi ipimwe hadi katikati ya manholi. Tulipata vipande vitatu: mita 4.5, mita 9.6 na mita 7.4. Jumla ni mita 21.5.

Hatua ya pili: weka mstari mmoja wa kipimo

Usipime kina kutoka juu ya ardhi. Ardhi hudanganya macho, na ua unaoonekana tambarare huweza kuinuka au kushuka sentimita kumi bila mtu kutambua. Badala yake, weka alama ukutani mita moja juu ya sakafu iliyokamilika, kisha uihamishe alama hiyo kwa mpira wa maji hadi kwenye vigingi vilivyo katika kila manholi na pale penye tangi. Alama zote hizo ziko kwenye kimo kimoja, na vipimo vyote vya kazi vitasomwa kwenda chini kutoka hapo.

Mpira wa maji ni kifaa cha bei ndogo, na ukitunzwa ni sahihi sana, ila una masharti yake. Uwe mwembamba na wa kuonekana ndani, ujazwe polepole ili usibaki na povu la hewa, na ncha zote mbili ziwe wazi wakati wa kusoma. Ukiziba ncha moja kwa kidole, maji hayatasawazika. Usiache nusu ya mpira juani na nusu kivulini, kwa kuwa maji yaliyopata joto hupungua uzito na kusimama juu zaidi. Mimi hupendelea kuifanya kazi hii asubuhi mapema. Ukimaliza, zileteni ncha zote mbili mahali pamoja muone kama maji yamelingana; yasipolingana, kuna hewa ndani na kazi irudiwe.

Katika nyumba hii, ardhi penye ukuta wa choo ilikuwa mita 1.15 chini ya mstari, na penye tangi ilikuwa mita 1.07. Maana yake ua uliinuka kwa sentimita 8 kuelekea tangi, kinyume kabisa na tulivyotaka. Bila mpira wa maji hakuna ambaye angeliona hilo.

Hatua ya tatu: kokotoa kila kituo

Kipimo tunachofuatilia ni cha sakafu ya bomba, yaani sehemu ya chini kabisa ndani ya bomba ambamo maji hupita. Ukutani, sakafu ya bomba ilitoka mita 1.60 chini ya mstari. Hapo ni sentimita 45 chini ya ardhi, na juu ya mgongo wa bomba panabaki udongo wa sentimita 34 hivi, unaotosha kwa ua ambao magari hayapiti.

Kipande cha kwanza ni mita 4.5, na kwa asilimia mbili kinashuka sentimita 9, kwa hiyo bomba linafika manholi ya kwanza likiwa mita 1.69 chini ya mstari. Ndani ya manholi maji yanapinda, na kila yanapopinda hupoteza nguvu kidogo, ndiyo maana mimi huongeza sentimita 2 kati ya bomba linaloingia na linalotoka. Linatoka kwa mita 1.71. Kipande cha pili cha mita 9.6 kinashuka sentimita 19.2, na kufika manholi ya pili kwa mita 1.902, tunaongeza tena sentimita 2, kinatoka kwa mita 1.922. Kipande cha mwisho cha mita 7.4 kinashuka sentimita 14.8, na bomba linaingia tangini mita 2.07 chini ya mstari.

Mshuko wote, basi, ni sentimita 43 za mteremko na sentimita 4 za manholi, jumla 47. Kwa kuwa ardhi penye tangi iko mita 1.07 chini ya mstari, sakafu ya bomba inaingia tangini mita moja kamili chini ya ardhi.

Sasa tuulize ikiwa kina hicho kinavumilika. Bomba la kutoka tangini huwa chini kidogo kuliko la kuingia, na hapa tuliliweka sentimita 7 chini. Kisha kuna mita 3 hadi mtaro wa kunyonya kwa asilimia moja, kwa sababu maji yanayotoka tangini hayabebi tena uchafu mzito. Hizo ni sentimita 3. Maji yanaingia mtaroni mita 1.10 chini ya ardhi. Shimo la majaribio lilionyesha maji ya bamvua kwenye kina cha mita 2.10. Tukiweka kokoto za sentimita 40 chini ya bomba la mtaroni, hubaki sentimita 60 za mchanga mkavu wa kuchuja kabla ya kufika maji. Kwa mahali penye visima vya jirani ningependa zaidi ya hapo, lakini ndicho kiwanja kilichokuwepo.

Mwenye nyumba alikuwa ameshauriwa aweke asilimia nne. Hebu tuifuate hesabu hiyo: mita 21.5 kwa asilimia nne ni sentimita 86, pamoja na 4 za manholi ni 90. Bomba lingeingia tangini mita 1.43 chini ya ardhi, na maji yangefika mtaroni kwa mita 1.53. Baada ya kokoto, mchanga mkavu ungebaki sentimita 17 tu, na masika ingeumaliza. Maji ya chooni yangekuwa yanaogelea katika maji yale yale yanayochotwa visimani.

Kama hata asilimia mbili ingekosa nafasi, tungegeuza hesabu: mteremko unaopatikana ni mshuko ulionao ukigawanywa kwa urefu, mara mia. Mwenye sentimita 30 tu kwa njia ya mita 21.5 anapata asilimia 1.4. Inafanya kazi, ingawa haisamehe kosa lolote katika ulazaji. Ikishuka chini ya asilimia moja, mimi huacha kucheza na mteremko na huufupisha urefu: tangi lisogezwe karibu na nyumba kadiri kanuni za ujenzi zinavyoruhusu, au, nyumba ikiwa bado ni msingi, sakafu iinuliwe. Kuinua sakafu kwa sentimita 20 kabla ya ujenzi ni rahisi kuliko jambo lolote utakalofanya baadaye.

Hatua ya nne: hamisha hesabu iingie katika mtaro wa bomba

Hapa ndipo kazi nyingi zinapoharibika. Fundi anaweza kuwa na namba sahihi za ncha mbili, kisha bomba la katikati likalala lipendavyo. Niliwahi kuitwa kwenye nyumba iliyoziba mara tatu ndani ya mwaka mmoja. Tulipopima ncha tukakuta mshuko ni kamili, hakuna hata sentimita iliyopotea. Tulipofukua, bomba lilikuwa na tumbo katikati: lilishuka haraka mita chache za mwanzo, likalala na hata kuinuka kidogo, kisha likashuka tena. Katika tumbo hilo maji yalisimama siku zote, na mchanga ulikuwa umejaa hadi theluthi ya bomba. Mshuko wa jumla hauonyeshi tumbo.

Njia ninayoiamini ni kuuinamisha uzi wenyewe kwa mteremko wa bomba, ili kipimo cha kwenda chini kiwe kimoja popote utakaposimama. Tuchukue kipande cha pili. Kwenye manholi ya kwanza sakafu ya bomba ni mita 1.71 chini ya mstari, kwa hiyo uzi tuliufunga mita moja juu yake, yaani mita 0.71 chini ya mstari. Kwenye manholi ya pili tuliufunga mita 0.902 chini ya mstari. Uzi mrefu hulegea katikati hata ukivutwa, kwa hiyo kwenye nusu ya njia, mita 4.8, tulipigilia kigingi cha tatu na kuusimamisha uzi kwenye mita 0.806. Kutoka hapo kazi ikawa ya kijiti kimoja. Bomba letu la inchi 4 lina milimita 110 kwa nje, na mgongo wake uko sentimita 10.7 juu ya sakafu yake, kwa hiyo tulikata kijiti cha sentimita 89.3: kikisimama wima juu ya bomba, ncha yake iguse uzi bila kuusukuma. Tulikiweka kila mita moja. Kikiuinua uzi, bomba liko juu mno. Kikiacha nafasi, liko chini mno.

Mtaro wa bomba usichimbwe kupita kipimo. Mchanga uliovurugwa na kurudishwa chini ya bomba hutitia baadaye, na kutitia huko ndiko kunakozaa tumbo. Ukikosea ukachimba zaidi, rudisha mchanga kwa tabaka nyembamba, umwagie maji na kuushindilia kabla ya kuendelea. Panapotokea jiwe la matumbawe, lichongwe hadi sentimita 10 chini ya bomba na nafasi hiyo ijazwe mchanga safi, la sivyo bomba litakaa juu ya jiwe kama ubao juu ya kigogo na kupinda pande zote mbili.

Bomba lilazwe kuanzia chini kwenda juu, kinywa kipana cha kila bomba kikielekea kule maji yanakotoka. Chini ya kila kinywa kipana ondoa mchanga kidogo kwa mkono, ili bomba likalie upande wake wote wa chini na lisining'inie kwenye viungo. Ni kazi ya dakika moja kwa kila kiungo, na ni ya kwanza kuachwa watu wanapoharakisha.

Pimamaji nalo lina nafasi yake, kama shahidi wa pili. Kwa pimamaji la mita 1.2 na mteremko wa asilimia mbili, tofauti ni sentimita 2.4. Chonga kipande cha mbao chenye unene huo kamili, ukifunge chini ya ncha ya pimamaji inayoelekea tangini, na povu likikaa katikati mteremko ni sahihi. Kwanza lihakikishe pimamaji lenyewe: liweke juu ya ubao, lisome, kisha uligeuze ncha kwa ncha mahali pale pale, povu likibadilika mahali, kifaa hicho si cha kuaminika. Usilitegemee peke yake kwa njia ndefu, kwa kuwa kosa la milimita mbili kila mita 1.2 hukusanyika kuwa zaidi ya sentimita tatu na nusu katika mita 21.5.

Hatua ya tano: kagua kabla ya kufukia

Mtu mmoja aweke tochi katika manholi ya pili, mwingine aangalie kutoka ya kwanza. Ukiona duara kamili la mwanga, bomba limenyooka. Duara likikatwa kwa juu au chini, kuna tumbo au nundu. Likikatwa ubavuni, bomba limepinda kando, jambo lenye madhara madogo zaidi. Kisha mimina ndoo mbili za maji kwa mpigo, subiri dakika tano na uangalie tena kwa tochi. Bomba zuri hubaki na unyevu tu. Mwanga ukimetameta juu ya maji yaliyotulia, mahali hapo pamezama na pafunguliwe siku hiyo hiyo.

Fukia kwanza kwa mchanga usio na mawe, ushindiliwe kwa miguu pande zote mbili za bomba kwa wakati mmoja ili lisisukumwe kando, hadi upite mgongo wake kwa kiasi cha sentimita 15, kisha urudie jaribio la tochi kabla ya kujaza sehemu iliyobaki. Mwisho, chukua rangi uandike upande wa ndani wa kila mfuniko wa manholi kipimo cha sakafu ya bomba kutoka kwenye mstari, na alama ya ukutani usiipake rangi. Siku atakapokuja fundi mwingine kuongeza choo cha nyumba ya watumishi wa kazi za uani au cha wageni, atajua bomba lake linaweza kuungia kwenye mita 1.71 au mita 1.922, na ataweza kukokotoa asilimia yake bila kufukua chochote.